Tundu la Kutoa

Aliyemuua mvuvi wa Bwejuu na aliyenikata mguu ni mtu mmoja, msimamizi wa karakana yetu. Waliompoteza shemeji yangu ni watatu: huyo huyo msimamizi, mkubwa wa kamati aliyekuja kutuhoji, na fundi wa kuchomea ambaye alisikia kisha akasema hakusikia. Majina yao siyaandiki, maana watoto wao wapo na hawakutenda kitu. Lakini kazi zao naziandika, na waliokuwa pale wakisoma watawajua.

Mimi sikusoma. Nilikaa chuo cha Kurani nikahitimu juzuu chache, nikaingia skuli, nikatolewa darasa la nne baba alipokufa. Kazi yangu karakana ilikuwa minyororo. Kitu kizito kikitaka kunyanyuliwa naitwa mimi, na winchi yangu ya mnyororo begani, na gudulia la grisi mkononi. Shemeji ndiye aliyesoma. Alikuwa mchora ramani, mume wa dada yangu mmoja tu niliyenaye, na wao walikaa chumba cha juu katika nyumba ya mawe kule Mjini. Mimi nilikuwa Jang'ombe. Baba yake shemeji alikuwa karani wa serikali iliyoondolewa, na hilo katika miaka ile lilimfuata mtu kama kovu la usoni. Shemeji alilijua. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, na akiandika nambari zake anasimama mbali kidogo na meza, kama mtu aliye tayari kuombwa aondoke.

Kazi yenyewe ilikuwa ya tangi la maji. Kule Bwejuu pamechimbwa tangi chini ya ardhi, limejengwa kwa mawe na saruji, na juu yake lilitakiwa lifunikwe kwa bamba la chuma. Tulipata bamba zuri, nene nusu inchi, limetolewa katika kinu cha mafuta ya nazi kilichokufa. Tukalikata futi kumi kwa sita. Karibu na ncha moja tukalikata kwa gesi tundu la duara, upana wake futi tatu, la kushukia mtu na kupitishia mabomba ya pampu. Pembezoni kukatobolewa vitundu vidogo vya boliti, sawasawa pande zote, kwa sababu ukingo wa tangi ulishatiwa boliti zimesimama wima, zinangojea. Bamba lilitakiwa lishuke limelala kama maji katika sinia. Likishuka kwa kuinama litazipinda zile boliti, na boliti nyingine kisiwani hakuna.

Winchi tulikuwa nayo moja, na waya mzuri wa kufungia pembe nne hatukuwa nao. Uliokuwepo ulikuwa umeshakatika nyuzi. Kwa hivyo ikaamuliwa bamba lichomewe sikio moja, yaani pete nene ya chuma juu yake, na ndoana ya winchi ishike pale pale. Sikio moja halina mzaha. Likikaa juu ya kitovu cha uzito, bamba linanyanyuka limelala. Likikaa pengine, bamba linainama.

Shemeji aliletwa kupiga hesabu ya mahali pa sikio. Alichutama juu ya sakafu ya karakana na kipande cha chaki, mimi nimekaa juu ya bamba nakunywa chai yangu.

"Shemeji," nikamwambia, "unaumia bure. Katikati si futi tano?"

"Futi tano ilikuwa katikati kabla hamjalitoboa."

"Tundu tu hilo."

"Hilo tundu ndilo lenye kazi." Akachora bamba, akachora duara ndani yake. "Sikiliza. Kwanza jifanye hakuna tundu. Bamba zima, futi sitini za mraba, uzito wake umekaa futi tano kutoka ncha hii isiyo na tundu. Sitini mara tano?"

"Mia tatu. Sikusoma, lakini si mjinga kiasi hicho."

Akacheka. "Haya. Sasa tundu nalo lihesabu kama bamba la duara. Lina eneo lake, futi saba za mraba na chembe. Lina kitovu chake, futi nane kutoka ncha hii hii. Ila hili ni bamba la kutoa."

"Kitu hakipo, unakihesabuje?"

"Unakihesabu kwa kukitoa. Mko watu wanne katika ngarawa, wa nyuma kabisa akajirusha majini. Ngarawa haiinami mbele?"

"Inainama."

"Nani kaongeza uzito mbele?"

"Hakuna."

"Basi. Kutoka kwake nyuma ni sawa na kuongeza mbele." Akarudi kwenye chaki. Saba na chembe mara nane, hamsini na sita na nusu. Mia tatu toa hamsini na sita na nusu, mia mbili arubaini na tatu na nusu. Kisha chuma kilichobaki: sitini toa saba na chembe, hamsini na tatu kasoro kidogo. Akagawa moja kwa nyingine. Nilimuuliza kwa nini hahesabu ratili, anahesabu futi. Akasema unene wa chuma ni mmoja kila mahali, kwa hivyo eneo linasema lile lile ambalo uzito ungesema. Na vitundu vya boliti akaviacha, kwa vile viko sawa pande zote, hiki kinachovuta huku kinafutwa na mwenzake wa kule.

Jawabu lilitoka futi nne na inchi saba na kidogo, kutoka ncha nzima, ile isiyo na tundu. Yaani kitovu kimesogea inchi tano kasoro kidogo kutoka katikati, kinalikimbia tundu. Akaenda akapima juu ya bamba, akapiga alama ya msalaba kwa chaki. Nilimsaidia kushika tepu. Hiyo alama niliiona kwa macho yangu, na mahali pake napajua mpaka leo.

Msimamizi akaja na kofia yake nyuma ya kichwa. Huyu mtu hakuwa fundi wa chuma. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza nyumba za mawe za Mjini, zile zinazopasuka kuta na kutoboka dari kila masika, na kazi hiyo aliijua kweli, simnyimi haki yake. Karakana alipewa kwa mengine aliyoyafanya, hakupewa kwa chuma. Akaitazama alama.

"Nani katia hii?"

"Mimi, bwana," akasema shemeji.

"Mbona umelikimbia tundu? Udhaifu wa bamba hili uko wapi, mwenzangu?"

"Kwenye tundu."

"Na mshiko unaupeleka wapi? Kwenye uzima." Akatugeukia mimi na fundi wa kuchomea. "Wasomi hawa. Dari ikitoboka, mwega wa kuishikilia unauweka chini ya tobo. Hawa wangeupeleka chumba cha pili."

Fundi wa kuchomea akacheka. Mimi pia nilitabasamu, maana ilikuwa imesemwa vizuri.

Shemeji akasema, "Mwega unabeba kwa chini, bwana, na dari imeshikwa na kuta. Bamba hili halina ukuta. Linaning'inia peke yake. Linataka kushikwa pale penye uzito, na uzito umeondoka upande wa tundu."

"Kubeba ni kubeba."

"Basi tuliweke juu ya bomba, tulisogeze kidogo kidogo mpaka lilale sawa. Litatuonesha wenyewe."

"Gari inaondoka alfajiri. Wewe unataka kucheza pembea." Msimamizi akafuta alama kwa kiatu. Kisha, kama mtu anayemfanyia mwenzake hisani, akasema, "Inchi tano zako nakupa, usije ukasema nimekudharau. Hazipotei. Lakini zije upande huu, kwenye tundu." Akapima yeye mwenyewe, inchi tano kutoka katikati, kuelekea kwenye tundu. Akapiga alama yake.

Shemeji akasimama. Alisema maneno ambayo nitayarudia kama yalivyo kwa sababu baadaye kila kitu kilikuja kuwa juu yake. "Bwana, likinyanyuliwa hivyo, ncha ya tundu itapanda na ncha nzima itabaki chini. Anaweza kuumia mtu."

"Utakuwepo wewe?"

"Nimepangwa kwenda."

"Huendi. Nafasi ya garini ni ya watu wa kazi."

Fundi wa kuchomea alikuwa karibu nao kuliko mimi. Mashine yake ilikuwa haijawashwa. Aliivaa miwani yake, akawasha mashine, akachomea sikio pale msimamizi alipotaka.

Jioni ile nilimuuliza shemeji kwa nini asiende kwa mkubwa wa juu. Akaniuliza, "Niende niseme nini? Mtoto wa karani kamshitaki msimamizi?" Tulijua wote wawili milango ilivyokuwa.

Bwejuu tulifika jua limeshakuwa kali. Wanakijiji walishaitwa kujitolea, wanaume kwa wanawake, na wengi wao walikuwa na furaha ya kweli, kwa sababu maji yao yalikuwa ya chumvi na wanawake walikuwa wakiyafuata matamu mbali. Tukasimamisha magogo matatu juu ya tangi, tukayafunga vichwa, nikaning'iniza winchi yangu. Tukalaza boriti za mikoko juu ya mdomo wa tangi, tukaliviringisha bamba juu ya mabomba mpaka likakaa juu ya boriti, chini ya ndoana. Mpango ulikuwa huu: nilinyanyue kiasi cha futi moja na zaidi kidogo, boriti zivutwe, kisha nilishushe taratibu juu ya boliti.

Nikavuta mnyororo. Ikawa kama alivyosema. Ncha ya tundu ikapanda, ncha nzima ikabaki imelala juu ya boriti kama ng'ombe aliyekataa kusimama. Nikaacha kuvuta.

"Bwana," nikamwambia msimamizi, "linainama."

"Naliona. Sina macho?" Aliliona, na nadhani pale pale alifahamu. Angeweza kusema shusheni, tulirudishe mjini. Angefedheheka siku mbili tatu. Badala yake aliita, "Wanaume wawili wenye kifua, njooni."

Wakaja mvuvi mmoja mrefu, na mwenziwe mpana aliyekuwa akifunga makuti. Akawaweka ncha ya tundu, kila mmoja upande wake, wakalikandamiza bamba kwa mikono na vifua. Likashuka. Kwa uzito wa watu wawili lilikaa sawa, limelala vizuri kabisa, na msimamizi akanitazama.

"Haya. Hesabu si hiyo?"

Mvuvi akasema, "Bwana mkubwa, chuma chenu kina njaa upande huu, lazima kilishwe watu." Watu wakacheka. Mkewe alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakicheka.

Nikanyanyua zaidi, wao wakilikandamiza na kulifuata. Lilipofika kimo, vijana wakaanza kuvuta boriti. Zikatoka zote isipokuwa moja, ile ya upande wa tundu, iliyokuwa imekwama katikati ya boliti mbili. Vijana wakaivuta haikutoka. Msimamizi akamwambia yule mpana, "We, toa boriti hiyo hapo miguuni mwako."

Nilisema, "Asiondoke." Nilisema kwa nguvu, na waliokuwepo walisikia. Lakini mtu akiitwa na mkubwa hutii kwanza. Yule mpana akainua mikono, akainama.

Uzito ule haukuwa wa mtu mmoja. Ncha nzima ikaanguka upande wa pili, ikapiga ukingo na boliti zake, na ncha ya tundu ikaruka juu na mvuvi ameilalia kwa kifua. Ilimpiga chini ya taya ikamtupa nyuma juu ya mawe. Mtikisiko ukapanda kwenye mnyororo, mguu mmoja wa magogo ukateleza, na vyote vikaja chini, magogo, winchi, bamba. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa juu ya ukingo.

Mvuvi alikufa garini, kichwa chake kimelazwa juu ya gunia karibu na changu. Njia ya Bwejuu wakati ule ilikuwa mashimo matupu. Mimi walinikata mguu chini ya goti.

Nilipokuwa bado hospitali dada yangu alikuja na uji, akakaa kitako, akaniambia shemeji kaitwa mbele ya kamati ya uchunguzi. Kulikuwa na maiti na tangi lililovunjika ukingo, na wakubwa walishajipanga kwenda kulifungua. Lazima apatikane mtu. Msimamizi ameandika kuwa mahali pa sikio palitoka kwa mchora ramani, na kwamba inchi tano ni zake, na kwamba huenda ni hujuma.

"Inchi tano ni zake kweli," nikamwambia dada, "lakini si upande ule."

"Basi uende ukaseme."

"Ntakwenda hata kwa kutambaa."

Nilikwenda kwa magongo. Kamati ilikaa katika ofisi ya karakana. Mkubwa wao alikuwa mtu mpole wa sura, tasbihi mkononi, hapazi sauti. Hakumtukana mtu hata mara moja. Shemeji alisimama mbele yake, shati limepigwa pasi na dada kwa ajili ya siku ile.

Msimamizi akasema maneno yake. Hesabu ni ya huyu, inchi tano ni za huyu, yeye alitekeleza.

Mkubwa akamwambia shemeji, "Jitetee."

Shemeji alikuja na kadi aliyoikata kutoka boksi la vijiti vya kuchomea. Aliikata inchi kumi kwa sita, na tundu la inchi tatu karibu na ncha, kila inchi ikisimama mahali pa futi. Akaitia alama mbili, moja ya wino wa buluu na moja ya wino mwekundu. "Buluu ni alama yangu. Nyekundu ni mahali palipochomewa sikio." Akasimamisha penseli ncha ikiwa juu, akaiweka kadi juu yake kwenye alama ya buluu, akaondoa mkono. Kadi ikalala. Ikatikisika kidogo kwa upepo wa dirishani, ikatulia.

Akaiweka kwenye alama nyekundu. Ikaanguka, na ilianguka upande ule ule, ncha nzima chini. Akairudia ikaanguka tena.

Mkubwa akaomba kadi. Akajaribu yeye mwenyewe, buluu ikalala, nyekundu ikaanguka. Alitaka kuelezwa, na shemeji akamweleza vizuri kama alivyonieleza mimi, bamba zima kwanza, kisha tundu kama bamba la kutoa, mpaka jawabu. Mkubwa alikuwa anafahamu. Aliuliza hata swali la maana: kama tundu lingekuwa katikati kabisa, kitovu kingehama? Shemeji akasema hapana, kisingehama, ingepungua ratili tu. Mkubwa akatikisa kichwa akaridhika. Mimi kwenye benchi nilimtazama msimamizi na nilifurahi. Niliona tumeshapona.

"Umenifundisha," akasema mkubwa. "Kwa hivyo ulijua hakika kwamba likinyanyuliwa pale litaanguka."

"Nilijua, bwana."

"Bila shaka yoyote?"

"Hesabu haina shaka."

"Ukaliacha likaenda Bwejuu."

Shemeji akasema, "Nilimwambia msimamizi."

"Mimi hakuniambia kitu," akasema msimamizi. "Alikasirika akaenda zake."

Nikasimama juu ya magongo. "Alimwambia. Nilikuwepo. Alisema anaweza kuumia mtu."

"Wewe ni nani kwake?" akauliza mkubwa.

"Shemeji yangu. Na mguu huu ni wangu."

"Pole kwa mguu. Kaa." Akamtazama fundi wa kuchomea. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, bwana."

"Ulisikia?"

Fundi wa kuchomea alikuwa ameshika kofia yake, anaigeuza. "Mashine ilikuwa inaunguruma, bwana. Sikusikia."

Mkubwa akaiweka kadi chini taratibu, kama kitu cha thamani. Alisema msimamizi ni mtu wa mawe, hakujua, na asiyejua anaonywa. Anayejua ni mwengine. Katika nyumba hii, alisema, mtu mmoja tu alijua kwamba yule mvuvi atakufa, naye ametuonesha kwa mkono wake namna alivyojua. Na kila alichokionesha shemeji kuwa amekosewa, kikawa ushahidi kuwa alidhamiria. Kama angekosea hesabu, angekuwa mzembe. Alipatia, akawa adui.

Walimchukua kutoka pale pale. Hata kadi waliichukua.

Dada yangu alikuwa akimpelekea chakula gerezani. Wanakipokea mlangoni, wanarudisha chombo kitupu, haonani naye. Chumba chao cha Mjini wakapewa watu wengine, na dada akahamia kwangu Jang'ombe na kitanda chake na makopo yake ya maua. Siku moja askari wa mlangoni akamrudishia chombo kimejaa. "Usilete tena, bibi." Alipouliza kahamishwa wapi, askari akasema yeye kazi yake mlango.

Tuliuliza kila mahali. Wengine walisema yuko bara, wengine walisema yuko shamba la wafungwa kisiwani humu humu. Hakuna aliyesema kafa. Na hilo ndilo lililomfunga dada, maana yeye hakuwa mke wala mjane. Akipita njiani wanawake hawajui wampe pole au wamuulize habari za mumewe. Shekhe wa msikiti wetu akamwambia angoje, maana mtu asiyejulikana yuhai au maiti hakaliwi eda kwa dhana. Alingoja. Nguo za shemeji alizifua kila baada ya muda, akazianika, akazikunja tena.

Mimi sikurudi karakana. Nikawa nashona viatu barazani. Tangi la Bwejuu lilitengenezwa baadaye kwa mafundi wengine, na nimeambiwa maji yalipatikana. Msimamizi alipandishwa cheo. Nilikuwa nikimwona akipita na gari, na miaka ilipita hatukusemezana, mpaka siku aliyokuja mwenyewe barazani kwangu, kiatu chake kimekatika kisigino. Hakujua kuwa ni mimi mpaka alipoyaona magongo.

"Ah. Wewe ndiye."

"Mimi ndiye. Kaa, bwana."

Akakaa. Ningeweza kumkatalia kiatu chake, lakini mtu aliyekuja barazani kwako unamkalisha. Nilishona, yeye akitazama watu njiani. Alikuwa amezeeka. Kisha akasema, kwa sauti ya mazungumzo tu, "Marehemu shemeji yako alikuwa na akili sana."

Sindano ikasimama.

"Sana," akasema. "Ila hakujua kuishi. Angesema tu pale mbele ya kamati, mimi nilikosea hesabu, nisameheni. Angefungwa miezi, akatoka. Mkubwa mwenyewe aliniambia hivyo. Yeye akaja na kadi."

"Umesema marehemu."

Alinitazama, na niliona kuwa alidhani tumeshaambiwa zamani. "Mwaka ule ule," akasema. "Hamkuambiwa?" Kisha akakitia kiatu mguuni, kisigino kimeshonwa nusu, akaondoka akichechemea.

Niliingia ndani. Dada alikuwa anachambua mchele. Ya kadi sikumwambia na sitamwambia, kwa sababu yeye ndiye aliyemwambia mumewe usiku wa kuamkia siku ile, nenda kawaoneshe. Nilimwambia lile neno moja tu na nani kalisema.

Aliuliza, "Yeye mwenyewe kasema?"

"Mwenyewe. Mwaka ule ule."

Akamaliza kuchambua mchele uliobaki kwenye ungo. Akanawa mikono. Akavua bangili, akavua vipuli vyake, akaniomba niondoe kioo ukutani, kisha nitie pazia mlango wa chumba chake, wanaume wasipite. Nikapigilia misumari nikiwa nimeegemea kizingiti, yeye akinishikia gongo. Nilipomaliza akanirudishia gongo langu, akaingia ndani, akaanza kukaa eda.